Mkeka, Ndevu na Chenga za Picha

Picha ya harusi iliyopigwa usiku uani, kwa balbu moja na kamera iliyopandishwa hadi ISO 6400, haikosi chenga. Ikuze kwenye kompyuta utaziona zimetapakaa kila mahali: ukutani, kwenye nguo, usoni mwa bwana harusi. Kuziondoa si kazi kubwa, maana karibu kila programu ya picha ina kitufe chake. Kazi ni kuziondoa bila kuondoka na vitu vidogo vinavyolingana nazo kwa ukubwa, yaani nyuzi za ukindu, vinyweleo vya ndevu, mikwaruzo ya chokaa. Ukikosea hapo, babu anatoka kwenye picha kama aliyenyolewa.

Programu ya bure ya darktable, kwenye sehemu yake ya `denoise (profiled)`, inakuwekea njia mbili uchague: `non-local means` na `wavelets`. Hapa nitaziita njia ya vipande na njia ya viwimbi. Wengi hujaribu moja, ikiwaharibia picha ya kwanza wanaihama moja kwa moja. Hiyo si haki kwa njia yenyewe. Kila moja imejengwa juu ya dhana yake kuhusu picha, na dhana hiyo ikikosekana kwenye picha, njia nayo hushindwa.

Tuchukue picha moja. Babu ameketi, nyuma yake umetundikwa mkeka wa ukindu, na pembeni upo ukuta wa chokaa. Mwanga wa pikseli unahesabiwa kutoka 0 hadi 255, na chenga zimeipotosha kila pikseli kwa kiasi cha hatua 20 hivi, juu au chini, bila mpangilio.

Njia ya vipande ilitangazwa mwaka 2005 na Antoni Buades, Bartomeu Coll na Jean-Michel Morel. Kabla yake, njia nyingi za kulainisha picha zilichukua wastani wa pikseli na jirani zake wa karibu, na ndiyo maana zilifuta kila ncha. Hawa watatu walisema ujirani si hoja, hoja ni kufanana. Programu inazunguka pikseli moja kwa kipande kidogo, tuseme pikseli 7 kwa 7, kisha inatembea kwenye eneo pana zaidi, mara nyingi 21 kwa 21, ikitafuta vipande vinavyofanana na hicho. Vinavyofanana sana vinapewa uzito mkubwa kwenye wastani, visivyofanana vinapewa uzito unaokaribia sufuri. Kwa kuwa chenga za kila kipande ni tofauti lakini mchoro ni uleule, wastani unazifuta chenga na kuuacha mchoro. Vipande 16 vya ukoo mmoja vinapunguza chenga mara 4, vipande 25 mara 5. Daima ni kipeuo cha pili cha idadi.

Hapo mkeka uko nyumbani. Tuseme msuko wake unajirudia kila baada ya pikseli 12. Kuna mtego hapa unaowanasa wengi: eneo la 21 kwa 21 linafika pikseli 10 tu kila upande, kwa hiyo marudio ya kwanza ya msuko, yaliyo pikseli 12 mbali, hayaonekani kabisa! Programu inatafuta ndugu, inarudi mikono mitupu, na mtumiaji anasema njia haifai. Panua eneo hadi pikseli 30 kila upande. Sasa marudio yanapatikana kwenye umbali wa 12 na 24, pande zote, na ukihesabu na kipande chenyewe unapata vipande 25. Chenga za hatua 20 zinashuka hadi 4, na kila ukindu unabaki mahali pake. Gharama yake ni muda, kwa sababu kompyuta sasa inapima vipande 3,721 kwa kila pikseli badala ya 441. Mkeka ukikaa kimshazari kwa kamera faida hiyo hupungua, maana misuko ya mbali huonekana midogo na haifanani tena na ya karibu.

Lakini programu inajuaje kwamba vipande viwili ni ndugu, wakati vyote vimejaa chenga? Inatoa pikseli za kimoja kutoka kwa za kingine, inaweka kila tofauti kwenye mraba, kisha inachukua wastani. Vipande viwili vya mchoro uleule kabisa havitoi sufuri. Kwa chenga za hatua 20 vinatoa kama 800, ambayo ni mara mbili ya mraba wa 20. Tena namba hiyo haitulii. Kwa kipande cha pikseli 49 inayumba kama 160 juu au chini. Msuko wa mkeka unaopanda na kushuka kwa hatua 15 hivi unaongeza kama 450 pale vipande visipofanana, na 1,250 haiwezi kuchanganywa na 800. Mikwaruzo ya chokaa inayocheza kwa hatua 5 tu inaongeza 50. Kuyumba ni 160, nyongeza ni 50: programu haiwezi kutofautisha ndugu na mpita njia. Inawachanganya wote kwenye wastani mmoja, na ukuta unatoka laini kabisa. Wala usihangaike na vitufe. Taarifa yenyewe imezama ndani ya chenga.

Sasa zije ndevu. Kila unywele una mkunjo wake, na ndani ya pikseli 30 huenda usipate mwenzake hata mmoja. Ukiipa njia ya vipande masharti makali, kila kipande cha ndevu kinabaki peke yake, na wastani wa kitu kimoja ni kitu kilekile pamoja na chenga zake. Utaona shavu limesafishika, ndevu zina chenga kama mwanzo, na mpaka kati yao unaonekana wazi. Ukilegeza masharti ili vipande visivyofanana sana navyo vikubaliwe, ndevu zinageuka bonge moja jeupe. Kwenye darktable kipo kitufe cha `central pixel weight`, kinachoongeza uzito wa pikseli ya katikati ili mambo madogo yasipotee. Husaidia kiasi, lakini kinarudisha na chenga.

Njia ya viwimbi haitafuti ndugu. Inaigawa picha katika matabaka kwa ukubwa wa mambo: tabaka la vijistari vyembamba, la vinene kidogo, la vinene zaidi, hadi maumbo makubwa. Katika kila tabaka picha inakuwa orodha ya namba. Dhana yake ni kwamba picha halisi hujikusanya kwenye namba chache kubwa, ilhali chenga hujigawa kidogokidogo kwenye namba zote. Kwa hiyo unaweka kizingiti: namba iliyo chini yake inafutwa, iliyo juu inabaki, kisha picha inaunganishwa upya. Unywele mweupe juu ya ngozi nyeusi hutoa namba kubwa hata kama hauna mwenzake popote. Hauhitaji ndugu, unahitaji kuwa na nguvu.

Kila kitu basi kinategemea urefu wa kizingiti. Kile maarufu cha David Donoho na Iain Johnstone cha mwaka 1994, kwa picha ya pikseli 512 kwa 512, kinafika mara 5 ya chenga. Kwa picha yetu hiyo ni 100. Ukuta utang'aa, lakini umbile dogo karibu lote litakwenda na maji. Kwa picha za watu sikipendekezi. Kinachofaa zaidi ni kizingiti kinachoitwa BayesShrink, cha mwaka 2000, ambacho hupima kwanza tabaka lina mchoro kiasi gani. Kanuni yake ni fupi: mraba wa chenga ugawe kwa nguvu ya mchoro. Chenga ni 20, mraba wake 400. Kwenye ndevu, ambako mchoro una nguvu ya hatua 46 hivi, kizingiti ni kama 9, na ndevu zinapita karibu zote. Kwenye mkeka wa hatua 15 kizingiti kinapanda hadi karibu 27, juu kuliko msuko wenyewe, na sehemu kubwa ya ukindu inafutika. Kwenye chokaa ya hatua 5 kinafika 80, na hakuna kinachosalimika.

Namba hizo zina kasoro moja, na ndiyo inayoleta malalamiko mengi. Kanuni hiyo kwa kawaida hupima tabaka zima la picha nzima, haipimi ndevu peke yake. Kama ndevu zimechukua sehemu moja ya kumi ya picha na kilichobaki ni kitu laini, nguvu ya mchoro kwa wastani inashuka hadi hatua 14 au 15, na kizingiti kinaruka kutoka 9 hadi karibu 28. Babu ananyolewa kwa sababu ya ukuta! Dawa yake ni kukata eneo la uso na kulishughulikia peke yake, kisha kulirudisha mahali pake.

Viwimbi vina alama yao vinapokosea. Namba moja ya chenga ikivuka kizingiti kwa bahati, inaacha kijistari au kiduara pahali palipotakiwa kuwa tupu. Ukiona vijiduara hivyo shavuni, kizingiti ni cha chini mno au picha imegawanywa kwa njia ya haraka. Donoho na Ronald Coifman walionyesha mwaka 1995 kwamba ukiisogeza picha pikseli chache, ukaisafisha, ukairudisha, na kurudia hivyo kwa misogeo mingi kisha ukachukua wastani, vijiduara hivyo hupungua sana.

Lipo pia suala la picha za simu. Chenga za JPEG zimeshapikwa na simu yenyewe, zimeungana na kuwa mabaka. Njia ya vipande huweza kuyaona mabaka hayo kama mchoro halali na kuyatunza. Hapo viwimbi vina nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa unaweza kuongeza nguvu kwenye tabaka la ukubwa wa mabaka na kuliacha tabaka la vijistari vyembamba bila kuligusa.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi, nacho kilisisitizwa na Buades na wenzake: toa picha iliyosafishwa kutoka kwenye ile ya awali, utazame kilichoondolewa. Kwenye GIMP weka picha mbili kama matabaka, ya juu iwe `Grain extract`, kisha ongeza utofauti wa mwanga. Kinachopaswa kuonekana ni chenga tupu zisizo na umbo. Ukiona mistari ya mkeka, umeiba ukindu. Ukiona mpaka wa ndevu, tazama ndani yake: ikiwa ni tupu, njia haikugusa kitu humo, na ikiwa imejaa nywele, imezinyoa.

Kwa picha yetu, basi, ningetumia njia ya vipande kwenye mkeka, eneo la kutafutia likiwa pana, na viwimbi kwenye ndevu, zikiwa zimekatwa peke yake. Mikwaruzo ya chokaa hakuna njia kati ya hizi itakayoirudisha. Anayeitaka aweke kamera kwenye miguu mitatu wakati ukuta bado upo, apige picha 16 za mahali palepale, achukue wastani wake. Chenga zitashuka kutoka 20 hadi 5, na chokaa itaanza kuonekana.