Nani Aliyeikalia Poti 80?

Ukifungua paneli ya XAMPP na kubofya Start mbele ya Apache, siku njema jina hilo hupata rangi ya kijani na pembeni yake hujitokeza namba mbili, 80 na 443. Siku mbaya rangi hujitokeza kidogo tu na kupotea, kisha chini ya paneli yanajaa maandishi mekundu:

```
Error: Apache shutdown unexpectedly.
This may be due to a blocked port, missing dependencies,
improper privileges, a crash, or a shutdown by another method.
```

Maana yake ni kwamba Apache imezimika bila kutarajiwa, na huenda chanzo ni poti iliyozibwa, au vifaa pungufu, au ruhusa, au imeanguka, au imezimwa kwa njia nyingine. Sababu tano kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyothibitishwa. Paneli yenyewe haijui. Iliwasha programu iitwayo httpd.exe, ikaona imekufa, basi. Lakini usiifunge upesi. Panda juu kidogo kwenye maandishi yale yale, mpaka mistari iliyoandikwa paneli ilipofunguka, na mara nyingi utakuta sentensi yenye maana zaidi:

```
Port 80 in use by "Unable to open process" with PID 4!
```

Hapa ndipo wengi hukwama. Namba 4 ni ya nani? Na kwa nini haizimiki?

Tuanze na poti. Kila programu inayotaka kupokea wageni kupitia mtandao huiomba Windows namba ya kusikilizia, kati ya 1 na 65535. Kurasa za wavuti zimezoea 80, na zile za njia iliyofichwa kwa usimbaji hutumia 443. Ndiyo maana ukiandika localhost kwenye kivinjari huhitaji kuongeza namba yoyote, maana kivinjari chenyewe huenda 80. Anayewahi ndiye anayepewa. Apache ikifika na kukuta namba imeshachukuliwa, haisubiri wala haitafuti nyingine. Inajizima.

Kinachowachanganya hata wazoefu ni kwamba faili la kumbukumbu za makosa, lile error.log ndani ya C:\xampp\apache\logs, mara nyingi halina neno lolote kuhusu tukio hili. Apache huomba poti kabla ya kufungua faili hilo, kwa hiyo ikikataliwa inakufa ikiwa bado haijapata mahali pa kuandika. Njia ya kuisikia ni kuiwasha kwa mkono, nje ya paneli. Fungua Command Prompt na uandike:

```
cd C:\xampp\apache\bin
httpd.exe
```

Sasa jibu linakuja waziwazi:

```
(OS 10013)An attempt was made to access a socket in a way
forbidden by its access permissions.  : AH00072: make_sock:
could not bind to address 0.0.0.0:80
AH00451: no listening sockets available, shutting down
AH00015: Unable to open logs
```

Mahali pa 10013 wengine huona 10048. Hiyo ya pili inasema moja kwa moja kwamba namba inatumika. Hiyo 10013 inazungumzia ruhusa, na mtu akiona neno ruhusa hukimbilia kuiwasha XAMPP kwa mamlaka ya msimamizi. Haisaidii kitu. Mara nyingi Windows huijibu hivyo programu inayoomba namba ambayo mwingine ameichukua kwa masharti kwamba asiguswe. Ila ukiona maneno Syntax error badala ya haya, hapo kosa limo kwenye faili la mipangilio ya Apache, na habari ya poti haikuhusu.

Hatua inayofuata ni kumtafuta mwenye namba:

```
netstat -ano | findstr /c:":80 "
```

Nafasi iliyo baada ya 80, ndani ya alama za kunukuu, si ya urembo. Bila hiyo utaletewa pia 8080, 8009 na ndugu zao wote. Hata hivyo orodha inaweza kuwa na tovuti za mbali ambazo kompyuta yako inazungumza nazo muda huo. Wewe tafuta mstari wenye neno LISTENING, kisha usome namba ya mwisho kulia, ambayo ndiyo PID, kitambulisho cha programu inayoendeshwa. Ikiwa ni namba kubwa kama 7216, kazi imekaribia kuisha. Andika tasklist /fi "PID eq 7216", utaonyeshwa jina. Pengine ni httpd.exe nyingine iliyokuja na WampServer uliyoijaribu zamani ukaisahau. Zima hiyo, washa yako.

(Maelekezo mengi yanayozunguka bado yanaanza na ushauri wa kuifunga Skype. Ulikuwa wa kweli enzi ambazo Skype ilikuwa na tabia ya kujichukulia 80 na 443. Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025.)

PID 4 ni habari nyingine. Hiyo ni System, yaani Windows yenyewe, na ndani yake kuna kiendeshi kiitwacho HTTP.sys. Kazi ya HTTP.sys ni kusikiliza maombi ya wavuti kwa niaba ya programu nyingine. Mfikirie mpokea wageni wa jengo la ofisi: yeye ndiye anayeonekana mlangoni, lakini yuko pale kwa sababu wapangaji wa juu wameandikisha majina yao kwake. Ndiyo maana netstat inakuonyesha 4 tu, na ndiyo maana huwezi kuiua kwenye Task Manager. Swali la maana ni nani aliyejiandikisha.

Tuchukue laptopu ya mfano. Ilikuwa ya ofisi ya uhasibu, ikauzwa, na sasa iko kwa mwanafunzi anayejifunza PHP. Ameambiwa na wenzake kwamba PID 4 ni lazima iwe IIS, seva ya wavuti ya Microsoft. Akaenda Control Panel, akafungua Turn Windows features on or off, akakuta kisanduku cha Internet Information Services kiko tupu. IIS haipo kabisa, na 4 bado imekaa pale pale.

Kabla ya kuzima chochote, amuulize mpokea wageni swali moja. Windows 10 za tangu 2018 na Windows 11 zina curl ndani yake:

```
curl -I http://localhost
```

Kama poti ingekuwa wazi, curl ingelalamika kwamba imeshindwa kuunganishwa. Kama ni IIS, kwenye jibu kungekuwa na mstari Server: Microsoft-IIS/10.0. Huyu wetu anapata 404 na Server: Microsoft-HTTPAPI/2.0. Hiyo ni sauti ya HTTP.sys mwenyewe, akisema yupo lakini anuani hiyo tupu haina mwenyewe. Kwa hiyo kuna mpangaji, na anakaa kwenye anuani nyingine. Orodha ya wapangaji hutolewa kwa amri hii, kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi:

```
netsh http show servicestate view=requestq
```

Matokeo ni marefu na mengi hayahusiani na 80. Yanayotakiwa ni sehemu za Registered URLs, na humo mistari yenye :80. Kwenye laptopu hii inaonekana HTTP://+:80/REPORTSERVER/, na juu yake kidogo, chini ya Processes, kuna kitambulisho halisi, tuseme 3412. Tasklist ya 3412 inatoa jina ReportingServicesService.exe. Mambo yamefunuka: ni SQL Server Reporting Services, chombo cha kutoa ripoti, kilichosalia kutoka enzi za wahasibu na kinachojiwasha kila mashine inapowaka.

Kukizima ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, tafuta SQL Server Reporting Services, bofya Stop, kisha kwenye Startup type chagua Manual ili kisirudi kesho. Rudia netstat. Mstari wa LISTENING ukitoweka, Apache itawaka.

Kuna njia ya mkato inayosifiwa sana, nayo ni net stop http. Inamwondoa mpokea wageni mwenyewe, na kweli 80 inabaki wazi. Lakini kabla ya kutii, Windows hukuorodheshea huduma zitakazozimwa pamoja naye, na humo mara nyingi yumo Print Spooler. Anayejibu Y bila kusoma atakuja kushangaa printa imegoma. Wanaokwenda mbali zaidi na kukizima kiendeshi hicho kwenye rejista hubaki na tatizo hilo hata baada ya kuwasha mashine upya. Mimi singeigusa njia hiyo kwenye kompyuta ya mtu anayechapa barua.

Na kama mpangaji bado ana kazi? Tuseme laptopu bado ni ya ofisi na ripoti zinahitajika kila Ijumaa. Basi ihame Apache. Kwenye paneli, bofya Config mbele ya Apache, fungua httpd.conf, na ubadilishe mistari miwili isomeke hivi:

```
Listen 8080
ServerName localhost:8080
```

Mstari wa Listen ulioanza na alama ya # uache, huo ni mfano tu. Kisha kwenye kitufe kikubwa cha Config kilicho juu kulia, ingia Service and Port Settings na uandike 8080 hapo pia, la sivyo paneli itaendelea kukuonya kuhusu 80 ambayo huitumii tena. Ikiwa 443 nayo imekaliwa, kama ilivyokuwa kwa matoleo ya zamani ya VMware Workstation, kuhamisha 80 peke yake hakutoshi. Apache ya XAMPP huomba poti zote mbili, na kukosa moja kunatosha kuizima. Faili la kuhariri hapo ni httpd-ssl.conf, na 443 hubadilishwa kuwa 4433 kwenye Listen, kwenye VirtualHost na kwenye ServerName.

Tangu hapo anuani ni localhost:8080, na phpMyAdmin ni localhost:8080/phpmyadmin. Mwenye tovuti ya WordPress aliyokwisha kuijenga humo atakumbana na kituko kimoja: anaandika anuani mpya, na kivinjari kinamrudisha kwenye ile ya zamani isiyo na 8080, anakopokewa na 404 ya HTTP.sys. WordPress huhifadhi anuani yake ndani ya hifadhidata na huwaelekeza wageni huko. Ikiwa tovuti iko kwenye folda ya duka, mistari hii miwili ndani ya wp-config.php, juu ya ule unaoita wp-settings.php, inatosha kuirudisha hewani:

```php
define('WP_HOME', 'http://localhost:8080/duka');
define('WP_SITEURL', 'http://localhost:8080/duka');
```

Picha na viungo vilivyomo ndani ya makala za zamani bado vitabeba anuani ya mwanzo, kwa hiyo hivyo vitahitaji kubadilishwa kwenye hifadhidata.