Mashine Inanguruma, Oksijeni Haitoshi

Mashine ya kuzalisha oksijeni inayokufa haizimiki. Inaendelea kunguruma, kigololi cha kipimo cha mtiririko kimesimama kwenye lita 2 kama jana, mapovu yanachemka kwenye chupa ya maji, na midomo ya mtoto inazidi kuwa ya bluu. Ndiyo maana hoja nyingi za kununua nyingine hukwama kikaoni. Mfawidhi wa wodi anasema mashine ni mbovu, mhasibu anauliza mbona inawaka, na ajenda inahamia kwenye tanki la maji.

Hoja ya namna hiyo huanza na kinachotendeka ndani ya mashine. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu, nyingi iliyobaki ni naitrojeni. Kompresa huisukuma hewa hiyo kwenye mitungi miwili midogo iliyojaa chembe za zeolaiti, ambazo hunasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite ikiwa na usafi wa takriban asilimia 93. Adui mkubwa wa zeolaiti ni unyevu: maji yakishika nafasi, naitrojeni hainasi tena. Chukua mfano wa Ngonga, iliyoko Kyela, bondeni mwa Ziwa Nyasa, mahali pa joto na pa mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Huko hata mashine iliyokaa stoo msimu mzima bila kuwashwa inaweza kutoka ikiwa imechoka.

Kigololi hakisemi lolote kuhusu usafi, kinaonyesha wingi tu. Usafi hupimwa kwa kipima oksijeni kinachounganishwa kwenye tundu la kutolea. Washa mashine, iache ipate moto kwa dakika 15, kisha pima kwenye kila lita. Tuseme mashine ya lita 5 ya wodi ya watoto imetoa asilimia 88 kwenye lita 1, 83 kwenye lita 2, 74 kwenye lita 3, na 61 kwenye lita 5. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha asilimia 82. Kwa hiyo mashine hii bado inamfaa mtoto mchanga mmoja anayepata lita 1, na wawili waliogawiwa kwa mpira wa njia mbili kwa shida. Akilazwa wa tatu mwenye nimonia, wote watatu wanapungukiwa kwa pamoja. Muuguzi akiona kipimo cha kidoleni kimeshuka chini ya 90, atafungulia zaidi, na usafi utashuka zaidi. Kutoka lita 2 hadi 5 ameongeza mtiririko mara mbili na nusu, lakini oksijeni ya ziada, juu ya ile iliyomo hewani, imeongezeka mara 1.6 tu. Mimi ningeiweka sentensi hiyo juu kabisa ya hoja, kabla ya salamu.

Kabla ya kuomba fedha, ondoa visingizio. Safisha chujio la nje, badilisha la ndani, kagua mpira unaovuja na kifuniko cha chupa kisichobana, pima umeme wa ukutani. Volti zikiwa chini, kompresa haisukumi vya kutosha na usafi unashuka hata kama zeolaiti ni nzima. Upime upya na uambatanishe karatasi zote mbili. Usafi usipopanda, na saa za kazi kwenye kaunta zikiwa nyingi, kubadilisha zeolaiti na kompresa pamoja mara nyingi hukaribia bei ya mashine mpya. Leta nukuu ya fundi, bei zijisemee.

Mjumbe atauliza kwa nini tusitumie mitungi ya oksijeni. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukitoa lita 2 kwa dakika, huisha kwa saa 57 hivi. Mwezi ni mitungi 13, pamoja na gari la kuifuata na kuirudisha. Mashine ya wati 350 ikikesha mwezi mzima hula uniti 252. Hata tukiweka uniti kwa shilingi 360, haifiki 91,000. Mtungi mmoja ubaki wodini kwa ajili ya umeme kukatika, hilo halina ubishi.

Kwenye maelezo ya ununuzi, andika inayofanya kazi kwenye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 95, yenye king'ora cha usafi chini ya 82. Nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa mgonjwa mmoja nyumbani, kwenye nchi za baridi. Ongeza stabilaiza, vichujio vya miaka miwili na kipima usafi, vyote kwenye mstari huohuo wa bajeti, maana vikiwekwa mstari wa peke yake ndivyo vinavyokatwa kwanza.

Ya zamani iandikiwe hatima yake ndani ya hoja: itolewe wodini siku mpya inapofika, iingizwe kwenye orodha ya vifaa vya kufutwa halmashauri, na fundi aruhusiwe kutoa feni, kaunta na chujio. Ikibaki kwenye kona, usiku wodi ikijaa itawashwa.