Mshale Mdogo Unaoeleza Saa Yako Itasimama Lini

Baadhi ya saa za mkono zisizotumia betri zina mshale wa ziada, mfupi kuliko mingine, unaotembea kwenye mstari uliopinda wenye tarakimu kuanzia 0 hadi 40. Mshale huo hauhesabu dakika wala sekunde. Kazi yake ni kuonyesha springi ya ndani imebakiwa na saa ngapi za kuiendesha saa kabla haijasimama.

Tuseme umeivua saa yako ya otomatiki Ijumaa saa 3 usiku, na mshale uko kwenye 30. Maana yake, ikikaa mezani bila kuguswa, itatembea kwa takriban saa 30. Saa 24 za kwanza zinaishia Jumamosi saa 3 usiku. Zinabaki 6, nazo zinaishia saa 9 usiku wa kuamkia Jumapili. Kwa hiyo ukitaka kuivaa Jumapili asubuhi ikiwa bado inatembea, itie ufunguo Jumamosi kabla ya kulala. Huna haja ya kuhesabu mizunguko: zungusha kile kifundo cha pembeni polepole huku ukitazama mshale unavyopanda. Kama mstari hauna tarakimu, tafuta kwenye kijitabu cha saa hiyo ikijaa hutembea muda gani, kisha ugawe. Inayotembea saa 40, mshale ukiwa katikati, ina kama saa 20.

Mshale unajuaje? Springi ni utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo cha duara chenye meno. Ukitia ufunguo, unazungusha mhimili wa katikati na utepe unakaza. Saa inapotembea, ni kikopo chenyewe kinachozunguka, taratibu sana, na utepe unalegea. Mizunguko hiyo miwili inahitaji kutolewa mmoja kwenye mwingine, ndiyo maana saa nyingi za namna hii zina gia ndogo zinazofanya kazi kama difu ya gari: upande mmoja unapokea mzunguko wa kujaza, mwingine mzunguko wa kutumika, na mshale unaonyesha tofauti yake.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Mshale unahesabu mizunguko ya springi, haupimi nguvu inayofika kwenye magurudumu ya mbele. Mafuta ya ndani yakikauka au yakiganda, nguvu nyingi inapotelea kwenye msuguano, na saa inaweza kusimama huku mshale ukionyesha kuwa zimebaki saa 15. Wengi hudhani kipimo kimeharibika. Mara nyingi kipimo kiko sawa, ila saa inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta upya. Mshale ukifika 0 na saa ikaendelea kidogo, hilo si tatizo. Springi huwa na akiba kidogo zaidi ya iliyoandikwa. Na kama unaivaa saa ya otomatiki siku nzima, unatembea na kufanya kazi, lakini mshale hauondoki chini, mwambie fundi atazame kile kipande kizito kinachozunguka mkono unapocheza, pamoja na gia zake.

Hata saa nzima isiyo na hitilafu haipaswi kuachwa ifike chini kila siku. Springi ikilegea, lile gurudumu linalocheza huku na huku hupunguza upana wa mchezo wake, na katika saa za mwisho usahihi huyumba zaidi. Mwenye kujali dakika zake huujaza mshale kabla haujaingia robo ya mwisho.

Kabla ya kusoma, hakikisha unajua mstari unaanzia wapi. Kwenye saa ya Kijerumani ya Lange 1, iliyotolewa mwaka 1994, pameandikwa AUF upande wa kujaa na AB upande wa kuisha. Ikijaa hutembea saa 72. Saa za zamani za merikebuni, zile za siku mbili, husomwa kinyume kabisa. Kipimo chake huenda 0 hadi 56, na 0 ndiyo imejaa, kwa kuwa tarakimu zinahesabu saa zilizopita tangu itiwe ufunguo. Baharia aliyeitia kila siku kwa wakati uleule aliukuta mshale kwenye 24. Ukiwa umepita hapo, alijua siku moja imerukwa.

Ukitaka kujua kipimo chako kinasema kweli, ijaze saa mpaka mshale ukome juu, iache mezani na uandike ulianza saa ngapi. Ikisimama, tazama mshale uko wapi na mishale ya muda inasoma nini. Ikiwa imesimama mapema mno na kipimo hakijakaribia 0, mpelekee fundi saa pamoja na hayo uliyoandika. Yatamwonyesha mahali pa kuanzia.