Saa nane shambani si saa nane za kuchuma majanichai

Wakulima wa majanichai wanaouzia viwanda vya Imenti, Kionyo na Githongo katika Kaunti ya Meru, na vile vya Mungania na Rukuriri katika Kaunti ya Embu, wanalijua vyema tatizo hili. Mkulima hukodi wachumaji kwa kukisia, lori likafika kituoni, na sehemu ya shamba ikabaki bila kuchumwa. Majani yaliyoachwa hukomaa, na katika duru ifuatayo hukataliwa kituoni kwa kuwa si majani mawili na chipukizi.

Mara nyingi lawama humwangukia mchumaji, ilhali kosa limo katika hesabu.

Tuchukue mfano wa shamba linalotarajiwa kutoa kilo 600 kwa siku moja. Wachumaji huingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa alasiri, yaani saa nane au dakika 480. Mkulima amemwona mchumaji wa kawaida akichuma kilo nane kwa saa pasipo kusimama. Anazidisha nane kwa nane, anapata kilo 64, kisha anakodi watu 10. Jioni anapata kilo 400 pekee.

Kilo 200 zimepotelea wapi? Jibu limo katika dakika 480 zile zile.

Kwanza, ondoa muda unaojulikana mapema. Chai ya saa nne huchukua dakika 20 na chakula cha mchana dakika 40. Mkutano mfupi wa asubuhi, ambapo msimamizi hugawa mistari na kueleza ni majani yapi ya kuchumwa, huchukua dakika 15. Zinasalia dakika 405.

Pili, ondoa muda ambao sharti upimwe. Kila mchumaji hubeba mzigo hadi kituo cha kununulia majani mara mbili kwa siku, dakika 25 kila safari, jumla dakika 50. Kusubiri mizani, kujikinga na mvua, kutengeneza kikapu na kwenda haja humaliza dakika nyingine 55. Sasa zimebaki dakika 300, yaani saa tano.

Saa tano kwa kilo nane ni kilo 40. Hilo ndilo lengo la haki kwa mchumaji mmoja, na kilo 600 zilihitaji watu 15.

Dakika hizo 55 hazipatikani kwa kumuuliza mtu. Njia rahisi ni msimamizi kupita shambani mara 16 kwa siku, nyakati zisizotabirika, pamoja na saa za chai na chakula, na kuandika ni wangapi wanachuma wakati huo. Akiwa na watu 10, atakuwa na hesabu 160. Ikiwa 100 kati yake zilikuwa za watu wanaochuma, basi ni asilimia 62.5 ya siku, na asilimia hiyo ya dakika 480 ni 300. Zoezi hilo lirudiwe siku kadhaa, na tena msimu wa mvua unapoanza, kwa kuwa siku moja haitoshi kuwa kipimo.

Kuna mtego mmoja wa kuepukwa. Wengine hupata kasi kwa kugawanya kilo za siku nzima kwa saa nane: 40 kwa nane ni tano. Kasi hiyo tayari imebeba chai, mkutano na kusubiri. Ukiizidisha kwa saa tano, utapata kilo 25, kwa kuwa umeondoa muda uliopotea mara mbili. Kasi ya kilo nane huenda na saa tano. Ile ya kilo tano huenda na saa nane.

Hesabu hii pia huonyesha mahali pa kurekebisha. Kupunguza chakula hakufai, kwani mchumaji aliyechoka huanza kuvuna majani magumu. Safari za kituoni, hata hivyo, zinaweza kuondolewa kwa kukodi pikipiki ya kubeba magunia, kila moja likiwa na alama ya mwenyewe na kupimwa kando. Mchumaji atapata dakika 350 na kufikisha takriban kilo 47, na watu 13 watatosha badala ya 15. Gharama ya pikipiki ilinganishwe na faida hiyo kabla ya kuamua.

Hatimaye, lengo lisipofikiwa, tazama ni nani hakulifikia. Mmoja akibaki nyuma siku baada ya siku huku wenzake wakifaulu, huenda ni mgeni wa kazi au amepewa mistari mibaya. Wote wakibaki nyuma kwa kiasi kinachokaribiana, basi majani yamepungua, mizani imechelewa, au lengo lenyewe limewekwa vibaya. Kumkata ujira mchumaji katika hali hiyo ni kumlipisha muda ambao hakuwa na uwezo juu yake.