Tiketi ya siku: picha haisemi intaneti, umeme wala saa

KIGALI — Mhariri wa video anapanda basi la usiku Kampala, anavuka mpaka Gatuna kwa kitambulisho chake cha taifa, na asubuhi anashuka Nyabugogo akiwa na begi na kompyuta mpakato. Amekuja kwa siku tatu. Mkutano wake ni kesho, lakini leo ana kazi ya kumalizia: faili la video la gigabaiti 6 ambalo mteja wake wa Nairobi analisubiri kabla ya saa 11 jioni.

Mtu kama huyu hawezi kulipia ofisi ya mwezi mzima. Anachohitaji ni meza, soketi na intaneti kwa siku moja, na hiyo ndiyo huduma inayouzwa na ofisi za pamoja kwa jina la tiketi ya siku. Anafungua simu na kukuta picha ya ukumbi wenye viti vizuri, mimea ya kijani na kikombe cha kahawa. Chini yake pameandikwa: "Njoo ufanye kazi nasi! Intaneti ya kasi, umeme wa uhakika, tupo wazi kila siku."

Maneno hayo hayana uongo ndani yake, ila hayamsaidii kuamua. Mwenye tiketi ya mwezi atayajua mambo ya ukumbi polepole na kuyazoea. Mwenye tiketi ya siku ana maelezo yale ya chini ya picha tu, na akikosea ameipoteza siku yake, pengine na mteja.

Tuanze na intaneti. Ofisi inayojitahidi kuwa wazi zaidi huandika kitu kama "hadi Mbps 100". Namba hiyo mara nyingi ndiyo iliyo kwenye mkataba wa laini, na aghalabu ni kasi ya kushusha, yaani kuvuta vitu kutoka mtandaoni kuja kwenye kompyuta. Mhariri wetu hashushi kitu. Yeye anapeleka, na vifurushi vingi hutoa kasi ndogo ya kupeleka kuliko ya kushusha.

Hesabu yake si ngumu. Mafaili hupimwa kwa baiti, lakini laini ya intaneti hupimwa kwa biti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo faili la gigabaiti 6 ni megabiti 48,000. Kama kasi ya kupeleka ni Mbps 10, faili litachukua sekunde 4,800, ambazo ni saa 1 na dakika 20. Ikiwa ni Mbps 5, itakuwa saa 2 na dakika 40. Hapo bado hatujahesabu jirani yake aliye kwenye mkutano wa video, ambaye peke yake anaweza kula megabiti 1 hadi 4 kila sekunde kulingana na ubora wa picha. Kumi wa namna hiyo wakikutana saa 5 asubuhi, laini iliyokuwa na nguvu alfajiri inaanza kukohoa.

Kuchanganya biti na baiti ni kosa linalojirudia hata kwenye matangazo. Anayeandika "100 MB" akimaanisha "100 Mbps" ameahidi mara nane ya alichonacho, na mteja anayejua tofauti hiyo ataanza kutilia shaka yale mengine yote.

Namba ya kuandika basi ni ile inayopatikana mezani, si ya kwenye mkataba. Mhudumu achukue kompyuta, akae kwenye meza iliyo mbali kabisa na kifaa cha waifai, apime katikati ya asubuhi ukumbi ukiwa umejaa, kisha arudie siku mbili tatu. Aandike matokeo ya chini, sio yale yaliyomfurahisha, na zote mbili, kushusha na kupeleka. Ikiwa kipimo cha waya karibu na ruta kinatoa Mbps 80 na kile cha mezani kinatoa 15, tatizo si kampuni ya intaneti. Ni waifai ya ndani: ukuta mnene, au kifaa kimoja kilichoachiwa watu 40. Hilo hurekebishwa kwa kuongeza kifaa cha pili, na ni afadhali lirekebishwe kabla ya tangazo kuliko kufichwa na neno "hadi".

Umeme una mtego wake, na huu ni wa kimyakimya zaidi. Ofisi huandika "tuna jenereta", na msomaji huelewa kwamba kazi haitakatika. Lakini jenereta haiwaki papo hapo. Hata ile yenye swichi inayojigeuza yenyewe huhitaji sekunde kadhaa, pengine nusu dakika, kabla ya kubeba mzigo. Inayowashwa kwa mkono humsubiri mlinzi aende nyuma ya jengo.

Kwa mwenye kompyuta mpakato, nusu dakika si kitu. Betri yake inaendelea, skrini haizimi. Kilichozima ni ruta, pamoja na kile kisanduku kidogo ambamo waya wa faiba huingia. Umeme ukirudi, vifaa hivyo huanza upya na kutafuta mtandao, jambo linaloweza kuchukua dakika mbili au tatu. Hivyo umeme uliopotea kwa sekunde 20 unakata intaneti kwa dakika tatu. Mkutano wa video umevunjika, na faili lililofika asilimia 70 huenda likaanza sifuri kama njia inayotumika haijui kuendelea pale ilipoishia.

Dawa yake si ghali. Ni betri ya akiba, ile ambayo mafundi wengi huiita yupiesi, iliyounganishwa na ruta, kisanduku cha faiba na vifaa vya waifai. Vyote pamoja katika ukumbi wa wastani vinaweza kula wati 60 hivi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 9 ina takribani wati-saa 108, na ukitoa kinachopotea njiani bado inaweza kuvibeba kwa karibu saa nzima ikiwa mpya. Jenereta inahitaji nusu dakika tu. Kinachoharibu mpango huu ni mtu anayechomeka printa ya leza kwenye betri hiyohiyo. Printa ya leza hupasha joto karatasi na huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. Betri ndogo inalia, inazidiwa na kuzima, na ruta nazo zinazima.

Namna ya kujua kama ahadi ni ya kweli ni moja: zima swichi kuu ukumbi ukiwa mtupu, huku simu ya video ikiendelea kwenye kompyuta moja. Simu ikikatika, usiandike kwamba umeme ni wa uhakika. Jaribio hilo lirudiwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu betri za aina hii huzeeka zikiwa zimekaa tu, na taa ya kijani huendelea kuwaka kana kwamba mambo ni salama. Papo hapo mhudumu aangalie soketi zipi zinapata umeme wa jenereta. Yapo majengo ambayo jenereta inabeba taa na nusu ya soketi, na mgeni wa siku moja hawezi kujua ameketi upande upi.

Halafu zipo saa, ambazo zinaonekana rahisi kuliko yote na ndizo zinazowachanganya watu wa ukanda huu kila siku. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wa Nairobi aliyesema saa 11 jioni amemaanisha saa 10 kwa saa ya Kigali. Mhariri wetu ambaye simu yake imejigeuza mpakani bila yeye kutambua anadhani ana saa moja zaidi ya aliyo nayo. Akianza kupeleka faili saa 9 na nusu kwa Mbps 5, amechelewa hata kabla ya kubofya.

Wapo pia wanaoandika "2:00 - 12:00" wakifuata hesabu ya saa ya Kiswahili, na msomaji aliyezoea saa ya kimataifa akaelewa kwamba pamefunguliwa kuanzia alasiri. Ni salama zaidi kuandika 08:00–18:00 na kuongeza "saa za Kigali".

Muda wa kufunga una uzito kuliko wa kufungua. Wengi wa wafanyakazi huru wanaolipwa na wateja wa Marekani huanza mikutano yao jioni. Mkutano wa saa 5 asubuhi New York ni saa 11 jioni Kigali wakati wa kiangazi cha huko. Novemba Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma, mkutano uleule unahamia saa 12 jioni, saa ileile ambayo kumbi nyingi zinafunga milango. Mwenye ukumbi atashangaa kwa nini wateja wake wa jioni wamepungua mwezi huo, na huenda asingepoteza hata mmoja kama angefunga saa 2 usiku.

"Kila siku" nayo inataka maelezo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya saa 2 hadi saa 5 asubuhi, na shughuli nyingi nchini husimama. Mkazi wa Kigali anajua. Aliyetoka Kampala au Arusha jana yake atafika mlangoni na kukuta kufuli.

Yote haya lazima yaingie mahali padogo. Instagram inaruhusu herufi 2,200, lakini mwanzoni huonyesha mstari mmoja au miwili tu, na anayetafuta meza akiwa kituo cha basi hafungui zaidi. Hivyo mambo matatu yatangulie, karibu na haraka ya kutangulia yapo kwenye sentensi moja, na maelezo yafuate. Kwa ukumbi uliofanya vipimo vilivyotajwa, maneno yanaweza kuwa hivi:

"Tiketi ya siku Frw 6,000. Kupeleka Mbps 20, ruta kwenye betri, 07:30–20:00 saa za Kigali.

Kasi imepimwa kwa waifai meza ya mwisho, Jumanne 11:00, ukumbi umejaa: kushusha Mbps 45, kupeleka Mbps 20. Umeme ukikatika intaneti haikatiki. Jenereta inashika ndani ya nusu dakika na soketi zote zinapata umeme. Jumatatu hadi Ijumaa 07:30–20:00, Jumamosi 08:00–14:00. Jumamosi ya umuganda tunafungua 11:30. Jumapili tumefunga. Chumba cha simu ni kimoja, weka nafasi mapema."

Sentensi ya chumba cha simu inaweza kumfukuza mteja mmoja mwenye mikutano mitano, naye ni yule ambaye angeondoka saa 6 mchana akidai hela yake. Mhariri wa video haimhusu. Yeye ameisoma namba ya kupeleka, amegawanya 48,000 kwa 20, amepata dakika 40, na anamwambia mwenye pikipiki ampeleke.