Kitovu Kinachohama Upande

Dereva aliye katikati ya kona akiushika usukani pale pale ulipo, asiuzidishe wala asiurudishe, gari litaiacha barabara na kuanza kuzunguka duara. Katika maduara yote yanayoigusa kona mahali pale, hilo ndilo linalofuatana nayo kwa karibu zaidi. Mwanahisabati Leibniz alilipa jina mwaka 1686: duara linalobusu.

Tuchukue njia yenye umbo la S, ambapo x = t na y = t³/3. Hesabu t kama saa ya msafiri. Kasi yake ya mlalo ni x' = 1, ya wima ni y' = t². Kasi hizo nazo hubadilika: x'' = 0, y'' = 2t. Kutokana na hizo nne tunapata namba mbili tu:

```
D = x'y'' − y'x''
S = x'² + y'²
mpindo = D / S^(3/2)
kitovu = (x − y'S/D, y + x'S/D)
```

D ikiwa chanya, njia inapinda kushoto kwa msafiri. Ikiwa hasi, kulia. Saa t = 1 msafiri yuko (1, 1/3). D ni 2, S ni 2, mpindo ni kama 0.707, na kitovu kinaangukia (0, 4/3). Umbali kutoka kwake hadi kitovuni ni 1.414, yaani 1 kugawanya kwa mpindo. Saa t = −1, D ni −2 na kitovu ni (0, −4/3), chini ya njia.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaifuta alama hasi kwa kuwa nusu kipenyo hakiwi hasi, kisha kitovu kinatua (−2, 2/3). Ukipima umbali utakuta 1.414 ile ile, kwa hiyo kipimo hicho hakilifichui kosa. Lichore duara lenyewe: litaonekana limeipa njia mgongo. Mimi napenda kwamba ukisafiri kinyume alama ya D inageuka, lakini x' na y' nazo zinageuka, na kitovu hakisogei hata kidogo.

Sasa ikaribie t = 0, pale S inapogeuza mkunjo. Saa 0.1 nusu kipenyo ni kama 5, saa 0.01 ni kama 50. Kitovu kinapaa bila kikomo. Saa 0 yenyewe D ni sifuri, hakuna duara, na kinachoibusu njia ni mstari ulionyooka. Ukivuka, kitovu kinatokea mbali chini. Kompyuta iliyoamriwa kuunganisha vitovu kwa mfuatano itachora mstari mrefu unaokata ukurasa kutoka juu hadi chini, mstari ambao haupo. Kwa hiyo ichunguze D kabla ya kugawanya, na alama yake inapogeuka, inua kalamu.