Famicom ilivyopiga muziki kwa mawimbi machache

Kaseti ya gemu ya Super Mario Bros., iliyotoka Japani mwaka 1985, ilikuwa na kilobaiti 40 tu za kuhifadhi kila kitu: picha, kanuni za mchezo na muziki wote. Kwa ubora wa CD, nafasi hiyo ingejazwa na sauti isiyofika hata robo sekunde. Ndiyo maana kaseti hiyo haikubeba wimbo uliorekodiwa. Ilibeba maagizo, na mashine ya Famicom, ambayo Nintendo ilianza kuiuza mwaka 1983, ikapiga muziki papo hapo kila mtu alipocheza.

Kazi hiyo ilifanywa na chipu iitwayo 2A03, iliyotengenezwa na kampuni ya Ricoh. Chipu hiyohiyo iliendesha mchezo na pia ilitoa sauti kupitia chaneli tano. Mbili hutoa mawimbi ya mraba, moja hutoa wimbi la pembetatu, moja hutoa kelele, na ya tano hucheza vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Super Mario Bros. haikuitumia hiyo ya tano. Muziki wake wote, uliotungwa na Koji Kondo, unatoka kwenye chaneli nne.

Wimbi la mraba ndilo rahisi kuliko yote: umeme unapanda, unakaa juu, unashuka, unakaa chini, kisha unarudia. Tuseme tunataka nota ya A, ile ya mitetemo 440 kwa sekunde ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha ala zao. Saa ya chipu hupiga mapigo 1,789,773 kila sekunde. Programu huipa chaneli namba 253. Chipu huiongeza moja, huzidisha kwa 16, na kupata mapigo 4,064, ambao ndio urefu wa wimbi moja. Gawanya mapigo ya sekunde nzima kwa 4,064, unapata mitetemo 440.4, karibu kabisa na nota tuliyoitaka. Namba ikiwa kubwa zaidi, wimbi hurefuka na sauti huwa nzito.

Programu pia huchagua wimbi likae juu kwa sehemu gani ya muda wake. Likikaa juu nusu ya muda, sauti huwa nene na yenye uwazi, kama ya klarineti. Likikaa juu kwa thumuni tu, sauti huwa nyembamba, kana kwamba inatokea puani. Tena kuna ngazi 16 za nguvu ya sauti, kuanzia 0 hadi 15. Kwa kawaida programu hubadilisha namba hizi mara 60 kwa sekunde. Ikianza nota kwenye 15 na kuishusha ngazi kwa ngazi hadi 0, unasikia kitu kinachofanana na uzi uliodonolewa. Na ikiruka haraka kati ya nota tatu kwenye chaneli moja, sikio huzichanganya likadhani zinalia pamoja, japo kwa mtetemo fulani ambao wapenzi wa gemu hizo huutambua mara moja.

Chaneli ya pembetatu ina sauti laini, na ukiipa namba ileile 253 hutoa nota iliyo oktava moja chini. Kwa hiyo watunzi wengi waliipa besi. Ina upungufu mmoja: haina kidhibiti cha nguvu ya sauti. Inalia au imenyamaza, basi. Chaneli ya kelele nayo hutoa mfululizo wa tarakimu 0 na 1 unaosikika kama usio na mpangilio. Kelele ikikatwa upesi huwa mdundo wa ngoma. Ikiachwa ififie polepole huwa mlipuko.

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba milio ya mchezo nayo ilitegemea chaneli hizohizo. Katika Super Mario Bros., chaneli ya pili ya mraba hupiga melodia na ya kwanza huisindikiza. Mario akiruka, mlio wa kuruka hunyakua chaneli ya kwanza, na usindikizaji hukatika. Akiokota sarafu, mlio wake hunyakua ya pili, na melodia yenyewe hutoweka kwa muda. Programu haisimami kuhesabu: nota zinazofuata huendelea kupita kimyakimya, kisha chaneli ikiachiwa, muziki husikika tena mahali ulipopaswa kuwa. Besi na ngoma hazikuguswa, kwa hiyo mapigo hayapotei. Ukitaka kuthibitisha, simama mwanzoni mwa mchezo bila kuruka, sikiliza sauti ya kusindikiza, kisha ruka mfululizo. Utaisikia ikikatika kila unaporuka, huku melodia ikiendelea.